Hakuniomba Hata Shilingi

Shangazi yangu alibisha hodi Ijumaa, saa nane na nusu mchana, watu wakiwa wameshatoka msikitini. Alikuwa amefunga kitu kwenye ncha ya leso. Alikaa, akakataa maji, akaifungua ile ncha juu ya meza yangu. Zilikuwa bangili zake nne za dhahabu, za mahari.

"Nipeleke kwa sonara, mwanangu. Nina mpaka saa kumi."

Nilimwuliza saa kumi kuna nini. Akasema kuna mzigo wake bandarini, na ofisi ikifungwa kabla hajalipa shilingi 120,000, utapigwa mnada na yeye atashtakiwa.

Shangazi ni mjane wa miaka hamsini na minane. Ameuza leso Biashara Street tangu mimi ni mtoto wa chuoni. Anajua kuhesabu, anajua kusoma watu, na mali kauli hampi mtu ambaye hajamjua kwao. Ndiyo maana nilipomwuliza mzigo umetoka kwa nani, na akainamisha kichwa kama msichana, nilihisi baridi mwilini.

"Umetoka kwa daktari," akasema. "Na usimdhanie vibaya. Hajaniomba hata shilingi."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani wiki sita sasa. Ilikuwa kweli.

## Siku ishirini na tatu

Hatukwenda kwa sonara. Nilimwomba simu, akanipa baada ya kusita, nikasoma mazungumzo yote kutoka juu mpaka chini huku yeye akiitazama saa ya ukutani. Yalikuwa ya siku ishirini na tatu tu.

Yalianza kwa ombi la urafiki Facebook. Mwanamume wa makamo, koti jeupe, kifaa cha kupimia mapigo ya moyo shingoni. Alisema ni daktari wa mifupa kutoka Uskochi, anafanya kazi na Umoja wa Mataifa kule Yemen, mkewe alifariki kwa saratani na ana binti mmoja. Siku ya pili alimwomba wahamie WhatsApp kwa sababu "huku Facebook nina wagonjwa wengi wananisumbua". Nambari yake ilianza na +44, ambayo ni ya Uingereza. Hilo peke yake si kosa, maana mtu husafiri na laini yake. Ila nambari za namna hiyo hupatikana mtandaoni bila mtu kukanyaga Uingereza.

Siku ya nne alikuwa tayari anamwita "mke wangu".

Ujumbe wa asubuhi ulikuja kila siku kabla ya saa moja: "Habari ya asubuhi malkia wangu, natumai umelala kama malaika. Tabasamu lako limeiba pumzi yangu." Mtu wa Mombasa akisoma hapo anasikia kwamba hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovishwa kanzu. Nilimwuliza Shangazi kama hakulisikia hilo. Akasema alilisikia tangu siku ya kwanza.

"Nikadhani ni Mzungu anajikaza kujifunza Kiswahili kwa ajili yangu. Nikaona amenitukuza."

Nilikuwa nikiamini kwamba dosari za lugha ndizo zinazomfichua tapeli. Kumbe mtu akishapendezwa, dosari ileile hugeuka kuwa ushahidi wa mapenzi.

Siku ya sita alimwambia asimweleze mtu habari zao, kwa kuwa "watu wana wivu na furaha ya wengine". Siku ya tisa yalikuja maswali, yamechanganywa na sifa kama dawa ndani ya asali: nyumba ni yako au ya kupanga? Unaishi na nani? Watoto wako wanakusaidia? Biashara inaendeleaje? Shangazi aliyajibu yote. Miaka mingi hakuna mtu aliyemwuliza biashara yake inaendeleaje.

Nilipoyasoma maswali hayo yamepangwa mfululizo, niliona ni hesabu ya mali. Alikuwa anapima ana kiasi gani, na kuna nani nyumbani wa kumzuia.

## Sifa zisizo na mwenyewe

Kuna jambo nililifanya pale mezani ambalo ningependa kulieleza taratibu, maana ndilo lililonisaidia kuliko yote.

Nilichukua ujumbe wake mmoja baada ya mwingine na kuusoma nikiruka jina la Shangazi. Kisha nikajiuliza: je, ujumbe huu ungeweza kutumwa kwa mwanamke mwingine yeyote? Kwa jirani yangu? Kwangu? Jibu lilikuwa ndiyo, kila mara. Macho mazuri, moyo safi, mwanamke wa nadra, Mungu ametukutanisha. Katika siku ishirini na tatu hakulitaja neno leso hata mara moja, na leso ndiyo maisha ya Shangazi. Hakuuliza jina la leso anayoipenda. Hakukumbuka kwamba goti lake linamwuma, na yeye ni daktari wa mifupa!

Siku ya kumi na moja Shangazi alimwandikia kwamba ametoka kumzika jirani yake wa Tononoka, na amelia sana. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Nafurahi siku yako ilikuwa nzuri mpenzi wangu, furaha yako ni furaha yangu."

Nilimwonyesha. Alikuwa ameshausoma siku ile ulipokuja, na akaupita. Sasa aliushikilia muda mrefu, kidole kikiwa juu ya skrini.

Akasema kwa sauti ndogo: "Dukani, mteja akiisifu leso kabla hajaishika, hajaona pindo wala mji, mimi najua huyo anataka kuchukua kwa deni."

Kisha akanyamaza.

Sikuongeza neno. Alikuwa ameusema ujuzi wa miaka thelathini, na hakuna kitu ambacho ningeweza kukitoa kwenye mtandao kikamfikia kama hicho. Sifa ya kweli huja baada ya kushika kitu. Mwanamume yule alikuwa amesifu mji na pindo gizani.

## Mpenzi hutoa, mwingine ndiye anayeomba

Sasa nirudi kwenye ile sentensi, kwa sababu onyo tunalolisikia kila siku ni hili: mtu wa mtandaoni akikuomba pesa, kimbia. Shangazi alilijua onyo hilo. Alikuwa akingoja daktari aombe pesa ili akimbie. Daktari hakuomba.

Alitoa.

Siku ya kumi na mbili alituma picha za sanduku: saa ya dhahabu, simu mpya, mkoba, manukato, na bahasha nene aliyosema ina dola 45,000 za kununulia nyumba yao ya Nyali atakapostaafu. Alituma na karatasi ya kampuni ya kusafirisha mizigo, yenye jina kamili la Shangazi na nambari ya kufuatilia. Kulikuwa na kiungo cha tovuti ambako ukiiandika nambari hiyo unaona sanduku likitoka Sanaa, likipita Dubai, likiingia Kenya. Tovuti ile ilikuwa yao wenyewe. Kuandika kwenye ukurasa wako kwamba sanduku liko Dubai hakuhitaji sanduku.

Siku ya kumi na sita ilipiga simu nambari ya Kenya. Mwanamke, sauti ya ofisini, Kiswahili safi. Alijitambulisha kuwa ni ajenti wa kliaringi. Mzigo umefika, ushuru ni shilingi 18,500, lipa kwa M-Pesa kwenye nambari hii ya keshia wetu. Akaongeza jambo la werevu sana: "Mama, litatokea jina la mtu, usishtuke, ni keshia."

Jina la mtu likatokea, na Shangazi hakushtuka, kwa kuwa alishaambiwa. Pale ambapo M-Pesa ilimwonyesha ukweli, uongo ulikuwa umeshatangulia kukaa.

Siku tatu baadaye mwanamke yuleyule alirudi akiwa amebadilika sauti. Mashine ya ukaguzi imeona pesa taslimu ndani ya sanduku. Hilo ni kosa, mama unaweza kufungwa, lakini tunaweza kukutengenezea cheti cha kuzuia utakatishaji wa fedha kwa shilingi 64,000. Shangazi alilia kwa daktari. Daktari akaomba radhi, akasema ni kosa lake kwa kumpenda kupita kiasi, na angelipa mwenyewe lakini Yemen benki hazifanyi kazi. Lipa, malkia wangu, na hiyo bahasha ni yako yote.

Akalipa. Ilikuwa ni akiba ya kuongezea mtaji wa dukani.

Mtu mmoja anabembeleza na mwingine anatisha. Anayebembeleza mikono yake inabaki safi mpaka mwisho, na anayetisha haji kama mpenzi bali kama ofisi, na ofisi mtu huitii. Hata ukianza kushuku, unaishuku ofisi, kisha unamkimbilia mpenzi akufariji. Naye anakurudisha ukalipe.

Ile 120,000 ya Ijumaa ilikuwa "faini ya kuchelewa".

## Kaka yangu na kalamu nyekundu

Ilikuwa saa tisa na robo. Shangazi bado alikuwa nusu kwangu, nusu kwa daktari. Aliniambia, "Kama ni uongo, sawa. Lakini kama ni kweli, mwanangu, na tukachelewa?"

Hilo ndilo swali ambalo saa kumi ilitengenezwa kulizalisha. Nikampigia kaka yangu, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo Kilindini. Alikuja kwa bodaboda. Alizichukua zile karatasi walizomtumia Shangazi, ambazo alikuwa amezichapisha kwa heshima kwenye duka la fotokopi, akaanza kuzisoma na kalamu nyekundu mkononi.

Alianza na swali: "Shangazi, thamani ya mzigo waliandika ngapi?" Haikuandikwa popote. Akaeleza kwamba ushuru hutozwa kwa thamani ya mali na aina yake, kwa hivyo mtu hawezi kukutajia ushuru bila kukutajia thamani. 18,500 ilikuwa imeanguka kutoka mbinguni.

La pili, malipo. Ushuru wa forodha ni wa serikali. Unapolipwa hutolewa hati yenye nambari ya malipo, wanayoiita PRN, na pesa huenda KRA kupitia benki au nambari ya malipo ya serikali, 222222, huku ile PRN ikiandikwa kama nambari ya akaunti. Ajenti anaweza kukudai ujira wake, lakini huo ni ujira, na risiti ya ushuru lazima uione.

La tatu, kile cheti. Mtu anayeingia Kenya na dola 10,000 au zaidi hutakiwa kuzitangaza mpakani. Ni tamko, anajaza mwenye pesa. Hakuna cheti kinachouzwa kwa simu.

Lakini lililomtuliza Shangazi lilikuwa la mnada. Kaka alisema amefanya kazi bandarini miaka kumi na moja na hajaona mzigo ukipigwa mnada saa kumi ya siku ileile. Mzigo usiochukuliwa huingizwa ghala la forodha, kisha hutolewa tangazo la hadhara lenye orodha, na mwenye mali hupewa siku 30 tangu tangazo kabla ya kuuzwa. Wako watu wanaoacha magari mazima miezi na miezi.

"Kwa hivyo hata kama ni kweli," akasema, "leo hakuna kitu kitakachotokea saa kumi."

Aliposema hivyo nilimwona Shangazi akivuta pumzi mpaka chini. Hakuambiwa kwamba daktari ni mwongo. Aliambiwa kwamba ana muda. Tukakaa, tukanywa chai, saa kumi ikapita mbele ya macho yetu. Simu ikalia mara tisa. Mara ya sita alikuwa yule mwanamke akitaja jina la kituo cha polisi. Mara ya tisa ilikuwa daktari, ujumbe wa sauti. Alikuwa analia.

Baada ya magharibi Shangazi mwenyewe aliniomba niichunguze ile picha. Niliipitisha kwenye Google Lens, na uso uleule ukatokea kwenye kurasa nyingine, kwa jina jingine, nchi nyingine, mtu aliyeibiwa picha zake na huenda hata hajui. Nasema hivi kwa tahadhari: siku nyingine utatafuta usipate kitu, na hilo halimsafishi mtu. Wala simu ya video haimsafishi. Huyu aliwahi kupiga ya sekunde arobaini, picha inakatikakatika, midomo haifuatani na sauti, kisha akasingizia mtandao wa Yemen.

## Lakini mume wangu je?

Hapa ndipo nilipokwama wiki kadhaa, na ndiyo sababu makala haya yamechelewa.

Mimi na mume wangu tulijuana Facebook, mwaka 2014. Aliniandikia yeye kwanza. Alinisifu. Alikuwa mgeni kwangu. Kama mtu angenipa mimi orodha ya dalili wakati ule, ningemfungia njia baba wa watoto wangu. Sitaki kuwafundisha wadogo zangu kuogopa kila neno tamu.

Nikatafuta mazungumzo yetu ya zamani, bado yapo. Nikayaweka kando ya yale ya daktari niliyokuwa nimeyahifadhi.

Mume wangu alikuwa na sifa chache na maswali mengi, na majibu yangu aliyarudia. Niliposema mdogo wangu ana mtihani, baada ya siku nne aliuliza mtihani ulikwendaje, kwa jina lake. Alinibishia. Kuna mahali tumekosana kuhusu kama mbaazi za nazi zinahitaji sukari. Alipotea siku mbili alipokwenda Lamu, akarudi bila maelezo marefu. Wiki ya pili tulikutana Mama Ngina, mchana, na mimi nilikuja na dada yangu, naye hakukasirika. Hakuniambia nifiche. Alitaka watu wanijue.

Daktari hakubisha hata mara moja. Hakuchelewa asubuhi moja. Kila alichokipenda Shangazi, naye alikipenda. Nilidhani tofauti ingekuwa kwenye maneno matamu, na maneno matamu yalikuwamo pande zote mbili. Tofauti niliipata kwingine: mmoja alikuwa na maisha yake, na ujumbe wake ulibeba vumbi la maisha hayo. Mwingine alikuwa na kazi moja tu, Shangazi.

Na mmoja alipoambiwa subiri, alisubiri.

Hilo la mwisho naliamini kuliko yote. Kama leo mtu angeniuliza afanye nini na mgeni mwenye ulimi wa asali, ningemwambia amcheleweshe. Amwambie nitalijibu hilo Jumatatu, kwanza namwuliza kaka yangu. Mwenye nia njema anaweza kuona vibaya kidogo, lakini Jumatatu atakuwepo. Wale walipiga simu mara tisa kwa saa moja.

## Yaliyobaki

Jumamosi tulikwenda kituo cha polisi. Tulibeba mazungumzo yote bila kufuta chochote, ingawa Shangazi alitamani kuyafuta usiku uleule kwa aibu. Tulibeba taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo mawili, 18,500 na 64,000, na majina yaliyotokea. Tulipewa nambari ya OB. Nilijaribu pia kuomba pesa zirudishwe kwa kutuma ujumbe wa muamala kwenda 456, lakini njia hiyo husaidia zaidi unapowahi, pesa zikiwa bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea. Zile zilikuwa zimeshatolewa siku nyingi. Shilingi 82,500 hazijarudi.

Bangili zimerudi mkononi mwake. Dukani anafungua saa mbili kama kawaida.

Siku za kwanza nilimwona akiitazama simu asubuhi, kabla ya saa moja. Sikumsema. Mtu aliyekuwa akiambiwa habari ya asubuhi kila siku, hata na mwongo, akinyamaziwa husikia ule ukimya. Nimeanza kumpigia mimi kabla sijawaamsha watoto.

Wiki iliyopita alinipigia yeye. Amepata ujumbe kutoka nambari mpya: sisi ni kitengo cha kurejesha pesa za waliotapeliwa, tumemkamata mtu wako, pesa zako 82,500 ziko tayari, lipa 9,000 za kufungua faili kabla ya kesho saa sita.

"Nimeusoma mara mbili," akasema. Nyuma yake nilisikia wateja wakibishana bei. "Nikajiuliza kitu kimoja. Polisi tuliwaambia, na wewe unajua, na kakako. Huyu amejuaje kama ni 82,500?"

Sikuwahi kujibu. Alikuwa ameshaendelea: ameshaupiga picha ujumbe, ataupeleka kituoni Jumatatu akautie pamoja na ile OB, na sasa nimwache, ana mteja ambaye ameikunjua leso yote na kuipeleka mlangoni kuiangalia juani.

"Huyo atanunua," akasema, akakata simu.